Kumsomea asiyeona mchoro wa duara mpaka aweze kuufanyia hesabu

"Shikamoo mwalimu. Mdogo wangu yuko kidato cha tatu, haoni tangu kuzaliwa. Mwenzake wa darasani hupiga picha maswali ya hesabu na kunitumia WhatsApp, nami humrekodia ufumbuzi kwa sauti. Hesabu zenyewe naziweza. Kinachonishinda ni mchoro. Juzi nimemweleza duara lenye mistari ndani mpaka sauti ikanikauka, mwisho akaniambia, 'Kaka, nimesikia mistari tu, mchoro sijaupata.' Nianzie wapi?"

Marahaba, kijana wangu. Anzia kwenye nukta. Jicho likitua juu ya mchoro hupata vyote kwa mpigo mmoja, halafu mdomo unafuata popote jicho lilipovutwa: mara pembe yenye namba, mara mstari mrefu, mara kona ya kule juu. Anayesikiliza hana pa kuyaweka maneno hayo. Yeye anahitaji kwanza nukta ziko ngapi na zimekaaje, kisha ipi imeunganishwa na ipi, na mwisho ndipo namba. Akivipata kwa mpangilio huo anaweza kuujenga mchoro, kichwani au kwa vidole, na mengi uliyokuwa ukihangaika kuyaeleza, kama mstari ulivyolala au mrefu kiasi gani, utakuta hayakuwa na kazi.

Tuchukue swali moja la kidato cha tatu tulifuate mpaka mwisho. Katika picha kuna duara lenye kitovu O. Ukingoni mwake kuna nukta nne, A, B, C na D. Kuna mistari AB, BC, CD, DA, BD, OB na OD. Chini kabisa kuna mstari mnyoofu unaoligusa duara kwenye A, ncha yake ya kulia imeandikwa T. Pembe BOD imeandikwa 130, pembe TAD imeandikwa 40. Swali linataka pembe BCD, pembe ABD na pembe ADO, pamoja na sababu.

Kabla hujabonyeza kitufe cha kurekodi, tenganisha mambo matatu ndani ya picha hiyo. Kwanza kuna yale yaliyoandikwa au kutiwa alama: herufi, namba, kisanduku kidogo cha pembe mraba, vijistari vinavyokatiza pande zilizo sawa, vichwa vya mishale vya mistari sambamba, na maneno ya swali lenyewe. Hayo yasemwe yote, bila kubakiza. Pili kuna yale yanayoonekana tu. Mstari fulani unaelekea kupita kwenye kitovu, pembe fulani inafanana na pembe mraba, upande huu unaonekana mrefu kuliko ule. Hayo usiyaseme kama ukweli, kwa sababu picha ya simu mara nyingi imepigwa kwa pembeni. Duara hutoka limebonyea na pembe mraba hutoka ikiwa nyuzi 80 na kitu. Hata kwenye karatasi safi, michoro mingi ya mitihani haijachorwa kwa vipimo. Ukilazimika kusema, tuseme kwenye mchoro mwingine wenye mstari AC, sema waziwazi: "mstari AC unaonekana kama unapita kwenye O, lakini swali halikusema."

Tatu kuna yale unayoyajua wewe kwa sababu hesabu unaziweza. Ukitazama OB na OD unajua papo hapo kwamba pembetatu OBD ni pembetatu pacha. Hilo liweke mpaka kwenye ufumbuzi. Ukilitaja wakati wa kueleza mchoro umemfanyia hatua ya kwanza, tena hatua ambayo msahihishaji huiwekea alama, na siku ya mtihani hatakuwepo mtu wa kumnong'oneza. Mdogo wako anatakiwa apate kile anachopata mwenzake anayeona, kisichopungua wala kuzidi.

Kabla ya maelezo, mkubaliane herufi. Kwenye noti ya sauti, hasa ikiwa mtandao umeibana, "be", "de", "pe" na "te" hazitofautiani, na "m" na "n" ndiyo kabisa. Nimeona wanafunzi wakitafuta pembe isiyokuwepo kwa sababu D ilisikika B. Pangeni maneno yenu: B ya baba, D ya dada, P ya paka, T ya tembo, M ya mama, N ya nazi. Huhitaji kuyarudia kila mara. Yataje unapotambulisha nukta, kisha kwenye hatua yoyote ambayo B na D zinasimama karibu, na katika swali letu zinasimama karibu tangu mwanzo hadi mwisho.

Mkubaliane pia maana ya juu na chini. Kwa mtu anayefanya kazi mezani, "juu" ya ukurasa ni ule ukingo ulio mbali na kifua chake na "chini" ni ule ulio karibu. Ukishalisema mara moja, imetosha. Kwa duara, vitabu vingi hupendekeza utumie namba za kwenye uso wa saa, na ni njia nzuri kwa aliyewahi kupapasa saa yenye mishale. Ila sisi tuna mtego wetu: saa tatu asubuhi mshale mfupi uko kwenye tisa. Ukimwambia "nukta iko saa tatu" unaweza kuwa umeipeleka upande wa pili wa duara. Sema "kwenye namba tatu ya saa", na kama hajawahi kushika saa ya namna hiyo, achana nayo; juu, chini, kulia na kushoto vinatosha.

Sasa maelezo yenyewe. Hivi ndivyo ningemrekodia:

"Mchoro una duara moja, pembenne ndani ya duara, na mstari mmoja nje unaoligusa. Kitovu cha duara ni O. Kwenye ukingo kuna nukta nne. A iko chini kabisa. Ukitoka A ukazunguka kupitia kushoto, unakutana na B ya baba, iko juu, kushoto kidogo. Unaendelea, unakutana na C, iko juu upande wa kulia. Unaendelea, unakutana na D ya dada, iko kulia, chini kidogo ya usawa wa kitovu. Kisha unarudi A. Kwa hiyo ukizunguka, mpangilio ni A, B, C, D. Nasimama kidogo, ziweke nukta zako.

"Mistari. A imeungana na B, B na C, C na D, D na A. Hiyo ndiyo pembenne. Pia B imeungana na D, unapita ndani ya pembenne. Kitovu O kimeungana na B na kimeungana na D. O haijaungana na A wala na C. A haijaungana na C.

"Nje ya duara kuna mstari mnyoofu unaoligusa duara kwenye A tu. Ni tanjenti. Umelala kutoka kushoto kwenda kulia. Ncha yake ya kulia inaitwa T ya tembo. Ya kushoto haina jina.

"Namba ni mbili. Ya kwanza: pembe B O D, kitovuni, ni nyuzi 130. Alama ya pembe hiyo iko upande wa C. Ya pili: pembe T A D, kati ya tanjenti na mstari AD, ni nyuzi 40. Hakuna namba nyingine na hakuna alama nyingine kwenye mchoro."

Angalia vitu vilivyomo humo. Sentensi ya kwanza inampa umbo zima kabla ya vipande, ili ajue anajenga nini. Nukta zimetajwa kwa mzunguko, hazikurukwarukwa. Yasiyokuwepo yametajwa pia: O haijaungana na A, A haijaungana na C. Anayeona huona pengo bila kuambiwa. Asiyeona asipoambiwa atajaza mwenyewe, na wengi humaliza pembenne kwa kuiwekea mistari yote miwili ya ndani kwa sababu ndivyo ilivyokuwa kwenye swali la jana. Na sentensi ya mwisho, kwamba hakuna namba nyingine, inamwondolea shaka ya kwamba umesahau kitu.

Halafu kuna lile neno dogo, "upande wa C". Hapo ndipo maelezo mengi huharibika. Kitovuni, mistari OB na OD hutengeneza pembe mbili: moja inafungukia upande wa C, nyingine upande wa A. Herufi ni zilezile tatu, B O D. Kwenye picha kijitao kidogo kilichochorwa karibu na O kinaonyesha ipi imekusudiwa, na anayeona hata hajui kwamba amekisoma.

Tuseme umesahau kulitaja, na mdogo wako akaiweka 130 upande wa A. Atafanya hivi: pembe ya kitovuni iliyo upande wa A ni 130, pembe BCD ya ukingoni inatazama tao hilohilo, kwa hiyo BCD ni nusu yake, 65. Jibu sahihi ni 115. Na kibaya zaidi ni kwamba hakuna kitakachomshtua. Kipengele cha pili kinatoka 40 vilevile, cha tatu, akikifanya kwa uangalifu, kinatoka 50 vilevile, na pembe BAD atakayoipata, 115, ikijumlishwa na 65 inaleta 180 kama kanuni inavyotaka. Kila kitu kinakubaliana, na kipengele cha kwanza kimekosewa. Ukisikia jibu lake ni 180 ukitoa jibu lako, usimfundishe upya kanuni ya duara. Rudi kwenye maelezo yako utafute pembe ambayo hukutaja upande wake.

Usianze ufumbuzi kabla hajakurudishia mchoro. Mwombe akusomee yeye: nukta zimezungukaje, nini kimeungana na nini, namba ziko wapi. Kumwuliza "umeelewa?" hakukupi kitu, atasema ndiyo. Akikurudishia kwa maneno yake utasikia mara moja kama T ameiweka kushoto.

Kama ana nafasi, aujenge kwa mikono. Shule zenye vifaa hutumia karatasi ya plastiki juu ya ubao wa mpira. Ukichora kwa kalamu isiyo na wino, mstari huinuka na kidole kinausoma. Nyumbani kipande cha katoni nene kinatosha. Aweke kifuniko cha sufuria juu yake, azungushe ncha ya kalamu isiyo na wino kwa kukandamiza, apate mfereji wa duara. Achome pini sita: O katikati, A, B, C, D kwenye mfereji, na T nje. Raba bendi moja ikizungushwa kwenye A, B, C na D inatoa pande zote nne za pembenne. Ya pili ikizungushwa kwenye O, B na D inatoa OB, OD na BD. Njiti ya ufagio ikilazwa kutoka A kwenda T ni tanjenti. Mchoro mzima umekwisha kwa raba mbili na njiti moja, na anapofika kwenye hatua ya pembetatu ya kitovuni tayari anaishika kama kitu kimoja. Pini zisipokaa mahali penyewe si hoja. Cha lazima ni mzunguko A, B, C, D, na O iwe upande wa A wa ile raba ya BD, kwa sababu hiyo 130 imefungukia C na ni pungufu ya 180.

Kwenye ufumbuzi, adui ni maneno "hii", "ile" na "hapa". Ukirekodi huku unatazama picha yatakutoka tu: "sasa hii ni sawa na ile, kwa hiyo hapa tunapata 65." Yeye anasikia hewa. Kila pembe itajwe kwa herufi zake tatu kila inapotokea, hata kama umeitaja sekunde mbili zilizopita. Na kila hatua iwe na mwendo mmoja: kwanza umpeleke mahali, kisha kanuni, kisha hesabu, kisha jibu mara mbili. Noti moja ibebe hatua moja. Noti fupi anairudia bila kutafuta dakika ya ngapi, na anaweza kuisimamisha aandike kwa mashine yake ya nukta nundu. Hivi:

"Kipengele cha kwanza, pembe B C D. Nenda kwenye tao linalotoka B kupitia C hadi D. Pembe B O D iko kitovuni na inatazama tao hilo, ni 130. Pembe B A D iko ukingoni, kwenye A, nayo inatazama tao hilohilo. Pembe ya ukingoni ni nusu ya pembe ya kitovuni. Nusu ya 130 ni 65. Pembe B A D ni 65. Narudia, B A D ni 65.

"Sasa shika pembenne A B C D. Kona zake zote nne ziko ukingoni, kwa hiyo pembe zinazokabiliana zinajumlisha 180. B A D inakabiliana na B C D. 180 toa 65 ni 115. Pembe B C D ni 115. Narudia, 115.

"Kipengele cha pili, pembe A B D. Nenda kwenye A. Tanjenti na mstari AD vinatengeneza pembe T A D, nayo ni 40. Pembe kati ya tanjenti na kodi ni sawa na pembe ya ukingoni inayosimama juu ya kodi hiyo, ng'ambo ya pili. Kodi yetu ni AD, na ng'ambo ya pili kuna B. Kwa hiyo pembe A B D ni 40. Narudia, A, B ya baba, D ya dada, ni 40.

"Kipengele cha tatu, pembe A D O. Kona ni D ya dada. Shika kwanza pembetatu A B D. B A D ni 65, A B D ni 40, jumla 105. 180 toa 105 ni 75. Pembe A D B ni 75. Sasa shika pembetatu O B D. OB na OD ni nusukipenyo, ziko sawa, kwa hiyo ni pembetatu pacha na pembe zake za B na D ziko sawa. 180 toa 130 ni 50, nusu yake 25. Pembe O D B ni 25. Ukisimama kwenye D, kutoka mstari DA hadi mstari DB ni 75, na mstari DO uko katikati yake. 75 toa 25 ni 50. Pembe A D O ni 50. Narudia, 50."

Umeona "mstari DO uko katikati yake". Bila sentensi hiyo hana sababu ya kutoa badala ya kujumlisha. Popote unapojumlisha au kutoa pembe mbili zenye kona moja, mwambie ni mstari upi uko kati ya mingine miwili. Anayeona hulipata hilo kwa jicho. Kwa msikilizaji ndilo swali lenyewe.

Mwachie na njia ya kujihakikishia isiyopita ulikopita. Aunganishe O na A, mstari ambao haukuwepo. Nusukipenyo na tanjenti hukutana kwa pembe mraba, kwa hiyo pembe OAT ni 90, na 90 toa 40 inaacha pembe OAD, 50. OA na OD ni nusukipenyo, kwa hiyo ADO nayo ni 50. Kwenye katoni ni raba moja ya tatu.

Kuhusu majina: mtumie yaleyale anayotumia mwalimu wake darasani. Kama kwake ni tanjenti, usimletee jina lingine hata kama ni zuri kuliko hilo. Mwanahisabati Lev Pontryagin wa Urusi alipofuka akiwa na miaka 14 jiko lilipomlipukia, na mama yake, ambaye hakuwa na elimu ya hisabati, ndiye aliyemsomea vitabu. Alama asizozijua alizipa majina kwa umbo, mikia juu, mikia chini, na mwanawe alielewa kwa sababu jina moja daima lilikuwa alama moja. Ukianza na "mstari wa kugusa" kisha ukahamia "tanjenti" kisha "ule wa nje", umempa mistari mitatu.

Swali likiwa na fomula, mdomo una hatari nyingine. "Mbili x jumlisha tatu gawanya kwa tano" ni nini? Huenda ni 2x + 3/5, huenda ni (2x + 3)/5. Abraham Nemeth, Mmarekani asiyeona aliyebuni nukta nundu za hisabati zinazoitwa kwa jina lake, alitengeneza pia utaratibu wa kuzisoma kwa sauti, na msingi wake ni kwamba kila kinachofunguliwa hufungwa kwa neno. Kwa Kiswahili sema: "sehemu inaanza, juu, mbili x jumlisha tatu, chini, tano, sehemu imeisha." Vivyo hivyo kwa kipeo na kipeuo cha pili: "kipeuo cha pili kinaanza, kipeuo cha pili kimeisha." Mara ya kwanza litakuchosha, baada ya hapo yeye mwenyewe atakudai.

Grafu ni mnyama tofauti kidogo, kwa sababu pale vipimo vina kazi. Tuseme picha ina grafu ya y = x² − 4x + 3, kutoka x = −1 hadi x = 5. Usimweleze mkunjo ulivyoshuka ukapanda. Anza na mihimili: wa x unalala na unatoka wapi hadi wapi, wa y unasimama na unatoka wapi hadi wapi, na kipimo, kwa mfano sentimita 2 kwa kizio kimoja kwenye mhimili wa x. Halafu msomee nukta kama jedwali, x kwanza daima: hasi moja, nane, sifuri, tatu, moja, sifuri, mbili, hasi moja, tatu, sifuri, nne, tatu, tano, nane. Kutoka hapo anauona mkunjo mwenyewe, pamoja na kwamba namba zinajirudia kwa mpangilio uleule pande zote mbili za x = 2. Hiyo ni ya kwake kuigundua. Kama mkunjo umechorwa bila nukta kutiwa alama, taja tu zile unazoweza kuzisoma bila shaka pale mistari mikuu inapokatana, na useme kwamba hazikutiwa alama.

Kazi huwa pale swali linaposema "tumia grafu yako kutatua x² − 4x + 1 = 0". Hatua ya kufikiri ni yake: aongeze 2 pande zote mbili, aone kwamba anatafuta mahali y ni 2. Wewe ni jicho lake tu. Akishakwambia "nisomee y ikiwa 2", usimjibu "sifuri nukta tatu". Mpe usomaji: "mstari wa y mbili unakutana na mkunjo mara mbili. Mara ya kwanza ni kati ya x sifuri na x moja, visanduku vidogo vitano na nusu kutoka sifuri, na kizio kimoja kina visanduku 20. Mara ya pili ni kati ya tatu na nne, visanduku kumi na vinne na nusu kutoka tatu." Atagawanya mwenyewe, 5.5 kwa 20, apate karibu 0.3, na upande wa pili karibu 3.7. Ukimpa 0.3 umemfanyia swali.

Na visanduku uvihesabu, usiweke rula juu ya kioo cha simu. Picha ikipigwa kwa pembeni sentimita za upande mmoja hufupika kuliko za upande mwingine, lakini visanduku hupinda pamoja na mkunjo, idadi yake haibadiliki. Visipohesabika kwa ukungu au kivuli, mrudishie yule mwenzake ujumbe apige upya akiwa amesimama wima juu ya kitabu, taa ya simu ikiwa imezimwa ili karatasi isimetemete, na kingo zote nne za ukurasa zikiwa ndani. Maneno ya swali mara nyingi yako kwenye ule ukingo uliokatwa.